Nondo 1,876 Zisizo na Ankara

Saa kumi jioni ya 31 Desemba, katika ghala la vifaa vya ujenzi upande wa Mbaraki, mama mmoja wa makamo anavua viatu vya ofisini, anavaa raba, kisha anaomba aletewe vitabu vitatu: kitabu cha hati za kupokea mali, kitabu cha hati za kutoa mali, na daftari la getini. Anavipanga juu ya meza ya mtunza ghala. Anatoa rula na peni nyekundu, na katika kila kitabu anapiga mstari chini ya maandishi ya mwisho. Kando ya mstari anaandika namba ya hati, tarehe na saa, anatia sahihi, na mtunza ghala anatia yake. Hati ya mwisho ya kupokea mali ni namba 864. Hati ya mwisho ya kutoa ni namba 3127. Kurasa zote tatu anazipiga picha kwa simu kabla hajasema neno jingine.

Mama huyu ni mhasibu. Ofisi yake iko Kizingo, katika nyumba ya zamani yenye baraza pana, si mbali na barabara ya Mama Ngina ambako meli zinazoingia Kilindini hupita karibu na nchi kavu. Amekubali nikae kando nimtazame anavyokata mwaka wa duka hili, kwa sharti kwamba wenye duka wasijulikane. Kwa hiyo namba nitakazozitaja zimebadilishwa, ila uwiano wake na mwendo wa kazi ni kama nilivyouona.

Wengi hudhani hesabu za mwaka huanzia kwenye kompyuta. Yeye huanzia kwenye mlango wa ghala, kwa sababu faida ya mfanyabiashara wa bidhaa hutokana na vitu viwili vinavyopimwa na watu wawili tofauti. Kimoja ni manunuzi, ambayo karani huyaandika kutoka kwenye ankara. Kingine ni bidhaa zilizobaki mwisho wa mwaka, ambazo huhesabiwa kwa macho na mikono. Chukua bidhaa ulizoanza nazo, ongeza ulizonunua, toa zilizobaki. Kinachosalia ndicho gharama ya vilivyouzwa. Toa gharama hiyo kwenye mauzo, upate faida ghafi. Karani haioni mali, na mwenye kuhesabu mali haioni ankara. Endapo nondo zimefika ghalani lakini ankara yake haijafika mezani, mmoja atazihesabu na mwingine hatazijua. Zitaonekana kama mali iliyoota yenyewe, na faida itapanda kwa bei yake yote.

Mali na deni lake ni pacha, ndivyo anavyofundisha vijana wa ofisini kwake. Akiingia mmoja katika mwaka, mwenzake lazima aingie naye. Akibaki nje mmoja, wote wawili wabaki nje. Kazi yake ya usiku ule na ya wiki mbili zilizofuata ilikuwa kuwatafuta pacha waliotengana.

Kabla ya kuhesabu, lori la saruji linapiga honi getini. Ni saa kumi na moja kasoro. Mtunza ghala, mzee aliyeifanya kazi hii tangu duka lilipokuwa la baba wa wenye duka wa sasa, anapendekeza dereva alale nje hadi kesho kutwa ili hesabu isivurugike. Mhasibu anafikiri kidogo, halafu anakataa kwa upole. Mali imefika mwaka huu. Kuiacha nje ya geti kwa sababu ya urahisi wetu ni kuiandika mwaka usio wake. Anaagiza mifuko ishushwe, hati namba 865 iandikwe, na ule mstari mwekundu wa kwanza anaukata kwa mstari mmoja na kuandika “umehamishwa” pembeni, kisha anapiga mwingine chini ya 865. Dereva ana ankara mfukoni. Anaipokea na kuitia kwenye bahasha ya Desemba. Pacha wawili wameingia pamoja, na geti linafungwa. Kuanzia hapo hakuna kinachoingia wala kutoka hadi hesabu iishe.

Kuhesabu kunafanywa na watu wawili wawili: mmoja anahesabu kwa sauti, mwingine anaandika. Karatasi zao zina jina la bidhaa na mahali ilipo, lakini hazina idadi iliyomo vitabuni, maana mtu akishaona kwamba kitabu kinasema 434, macho yake huelekea kuona 434. Kila fungu lililohesabiwa linatiwa alama ya chaki. Mabati, makopo ya rangi, mabomba, misumari kwa kilo, vigae kwa boksi. Yeye mwenyewe hahesabu kwanza. Anapita nyuma yao na kuchagua mafungu machache ya kurudia, na huchagua kwa njia mbili. Mara anachukua mstari kwenye karatasi na kwenda kuitafuta mali, ahakikishe kwamba kilichoandikwa kipo. Mara anashika mali iliyo pembeni kabisa, nyuma ya nguzo, na kuitafuta kwenye karatasi, ahakikishe kwamba kilichopo kimeandikwa. Njia ya kwanza hunasa mali hewa. Ya pili hunasa iliyosahauliwa.

Wanamaliza usiku. Karatasi zinafungwa kwa kamba, kila moja na namba yake, na hakuna iliyopotea.

Januari kazi inahamia Kizingo. Mezani kuna mafaili manne, kikokotoo cha vitufe vikubwa, na dirisha lililo wazi upande wa upepo. Siku ya kwanza hafungui faili hata moja. Anachukua karatasi tupu na kuandika hesabu ya biashara kama ilivyotoka kwenye mfumo: mauzo shilingi 96,000,000, bidhaa za mwanzo 14,200,000, manunuzi 78,500,000, bidhaa za mwisho kwa hesabu ya ghalani 17,900,000. Gharama ya vilivyouzwa inakuwa 74,800,000, na faida ghafi 21,200,000. Ukitoa mishahara, kodi ya pango, umeme na mengineyo ya shilingi 15,600,000, inabaki faida ya 5,600,000.

Anagawa faida ghafi kwa mauzo: asilimia 22 na kidogo. Anafungua hesabu za miaka mitatu iliyopita. Zote ziko karibu na asilimia 20. Anauliza kama bei zilipandishwa, hazikupandishwa. Anauliza kama wagavi walishusha zao, hawakushusha. Hapo anaandika kwa penseli pembeni mwa karatasi: asilimia 2 ya milioni 96, takribani milioni 1.9. Kabla hajaona hati hata moja, tayari alijua ukubwa wa kitu anachokitafuta na upande kilikoegemea. Nilikuwa nimesoma juu ya kipimo hiki vitabuni, lakini kukiona kikitumika hivi, kama mtu anayeinusa mvua kabla haijanyesha, kulinifanya nikiheshimu upya.

Kisha anaweka bunda la karatasi za ghalani sambamba na kadi za bidhaa, mstari kwa mstari. Hapa na pale kuna upungufu mdogo: boksi la vigae lililovunjika, kilo za misumari. Anafika kwenye nondo za milimita 12. Kadi inasema 434. Waliohesabu wameandika 2,310. Anampigia simu mtunza ghala.

“Ami, nondo za milimita 12 zimezidi. Zimezidi nyingi.”

“Si afadhali zizidi kuliko zipungue, mwanangu?”

“Zilizozidi zina mwenyewe. Hebu tumtafute.”

Ziada ya nondo ni 1,876. Anachukua kikokotoo. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa gramu 888 kwa kila mita; urefu wake wa kawaida ni mita 12; kwa hiyo moja ni kilo 10.66 hivi. Mara 1,876, inakaribia kabisa tani 20. Lori moja. Hayakuwa makosa ya kuhesabu, kwa sababu makosa ya kuhesabu hayaji na uzito kamili wa lori.

Sasa anafungua kitabu cha hati za kupokea mali na kurudi nyuma kutoka kwenye mstari mwekundu: 865, 864, 863. Kwa kila hati anatafuta wenzake watatu: hati ya mgavi iliyokuja na mali, mstari katika daftari la getini, na ankara. Hati namba 858 ina wawili tu. Daftari la getini linaonyesha lori liliingia jioni ya 30 Desemba. Hati ya mgavi imesainiwa, na tiketi ya mizani ya magari imebanwa nyuma yake: tani 20. Ankara haipo. Karani wa kuingiza hesabu alikuwa amekwenda likizo siku moja kabla, na karatasi ya hati hiyo ilikaa kwenye trei ikimngoja. Ndiyo maana hata kadi haikuongezwa.

Anahamia kwenye faili la Januari na kuipata. Ankara ina tarehe ya 6 Januari, tani 20 kwa shilingi 105,000 kila tani, jumla 2,100,000, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, shilingi 336,000, juu yake. Ofisi ya mgavi ilikuwa imefungwa kwa sikukuu. Walipofungua ndipo wakaitoa. Karani aliporudi aliiona tarehe, akaiingiza kwenye manunuzi ya Januari. Hakuna aliyedanganya, na kila mtu aliandika alichokiona.

Siku hizi kosa hili lina kivuli kipya cha kujifichia. Ankara za Kenya hupitia mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Mapato, na kila moja hubeba tarehe na saa iliyopigwa na mfumo. Karani kijana huiona tarehe hiyo kuwa ndiyo hukumu, kwani imetoka serikalini. Lakini tarehe ile inasema ni lini muuzaji alitoa ankara. Haisemi ni lini mali ilishuka kwenye lori. Swali la mhasibu wa Kizingo ni moja, nalo hulirudia kwa kila karatasi anayoishika: usiku wa 31 Desemba, mali hii ilikuwa yetu au ya nani? Jibu la nondo lilikuwa kwenye daftari la getini, lililoandikwa na askari kwa kalamu inayovuja wino.

Anaandika ingizo la tarehe 31 Desemba: debiti manunuzi 2,100,000, krediti akaunti ya mali iliyopokewa bila ankara 2,100,000. Namwuliza kwa nini hakuandika 2,436,000, ambayo ndiyo fedha mgavi atakayodai. Ananyoosha kidole kwenye mstari wa kodi. Ile 336,000 duka litaikata kwenye hesabu zake za kodi ya ongezeko la thamani mara litakapokuwa na ankara halali, kwa hiyo si gharama ya nondo. Anayekadiria deni kwa kuangalia jumla ya chini ya ankara huingiza kodi hiyo kwenye gharama, na faida yake hupungua kwa kosa la upande wa pili.

Kwa ingizo hilo moja, faida ya 5,600,000 imeshuka hadi 3,500,000. Zaidi ya theluthi ya faida ya mwaka ilikuwa lori moja la nondo lililotenganishwa na ankara yake kwa siku saba.

Mtu anaweza kusema ni mamoja, kwa sababu kosa lingejirekebisha. Ni kweli: ankara ikiandikwa Januari huku nondo zimo kwenye bidhaa za kuanzia mwaka, faida ya mwaka mpya ingepungua kwa 2,100,000 zilezile, na jumla ya miaka miwili ingekuwa sawa. Lakini kodi hulipwa kwa mwaka, benki hukopesha kwa kutazama mwaka, na duka hili lilikuwa la ndugu wawili ambao mmoja wao alikuwa akijitoa, kwa makubaliano kwamba achukue nusu ya faida ya mwaka ule wa mwisho. Kosa lingejirekebisha mfukoni mwa ndugu aliyebaki peke yake.

Wala si jambo la maduka madogo tu. Tarehe 22 Septemba 2014, Tesco, kampuni kubwa kuliko zote za supamaketi Uingereza, ilitangaza kwamba faida ya nusu mwaka iliyokuwa imewaambia wawekezaji ilizidishwa kwa takribani pauni milioni 250, na baadaye ikasema ni milioni 263. Malipo kutoka kwa wagavi yalikuwa yamehesabiwa mapema, na gharama zimecheleweshwa kuandikwa. Mpaka wa kipindi ulisogezwa, na hisa za kampuni zikaporomoka siku ileile.

Nilidhani baada ya nondo angepumzika. Aliagiza chai, akainywa ikiwa moto, akafungua faili la bidhaa za nje. Alijua kwamba mhasibu akishapata kosa linaloelekea kueleza tofauti yote, jicho hulegea, na makosa yanayovutana upande wa pili hupita.

Humo alikuta ankara ya vigae kutoka India, shilingi 800,000, iliyoandikwa kwenye manunuzi tarehe 18 Desemba. Ghalani vigae hivyo havikuhesabiwa, maana kontena lilifika Mbaraki katikati ya Januari. Hili ni kosa la nondo lililogeuzwa: deni limeingia mwaka huu, mali imebaki nje, na faida imepungua kwa 800,000. Karani alishauri ankara iondolewe na kupelekwa Januari. Yeye akaomba kwanza hati ya shehena. Meli ilipakia bandari ya Mundra tarehe 20 Desemba, na masharti ya ununuzi yalikuwa gharama, bima na nauli hadi Mombasa. Watu wengi wa biashara hudhani kwamba, kwa kuwa muuzaji ndiye aliyelipa bima na nauli, mali ni yake mpaka itie nanga Kilindini. Sivyo. Kwa masharti hayo muuzaji hulipa safari, lakini hatari ya mali humhamia mnunuzi inapopakiwa melini kule inakotoka. Kama kontena lingezama katikati ya bahari usiku wa mwaka mpya, hasara ingekuwa ya duka, na duka ndilo lingeidai bima.

Kwa hiyo usiku wa 31 Desemba vigae vilikuwa vyao, baharini. Ankara ikabaki Desemba, naye akaongeza 800,000 kwenye bidhaa za mwisho kwa jina la mali iliyo safarini. Ushuru wa forodha na ada za bandari hakuziongeza, kwa sababu zilikuwa bado hazijadaiwa. Hizo zitaungana na vigae Januari. Faida ikapanda hadi 4,300,000. Nilitazama nje ya dirisha, kuelekea maji ya lango la bandari, na kufikiri ni mali ya watu wangapi ilipita pale wakati wenyewe wakihesabu maghala yaliyo matupu.

Upande wa mauzo alikwenda haraka zaidi, kwa njia ileile, akitumia kitabu cha hati za kutoa mali. Ankara moja ya mkandarasi, rangi za shilingi 460,000, ilikuwa na tarehe ya 31 Desemba, lakini hati yake ya kutoa ilikuwa namba 3131, chini ya mstari mwekundu. Makopo yaliondoka 3 Januari, na karatasi za kuhesabia zinayaonyesha yamesimama kwenye rafu yakiwa na alama ya chaki. Duka lilikuwa limeyahesabu mara mbili, kama yaliyouzwa na kama yaliyobaki. Akaliondoa uzo lote kwenye Desemba. Hakuigusa gharama ya makopo, kwa kuwa tayari ilikuwa ndani ya bidhaa za mwisho, mahali pake. Faida ikawa 3,840,000.

Bili ya umeme ya Desemba iliyoletwa Januari, ada ya wakala wa forodha, posho ya walinzi: hivi alivipitia kwa mchana mmoja, akakuta karani ameshaviandika.

Sasa anarudi kwenye karatasi yake ya kwanza. Mauzo ni 95,540,000 na faida ghafi 19,440,000. Anagawa. Asilimia 20.3. Anaitazama namba ya penseli aliyoiandika siku ya kwanza, milioni 1.9, na jumla ya marekebisho yake, 1,760,000. Haoneshi furaha yoyote. Anasema tu kwamba uwiano ukirudi mahali pake haumaanishi kazi imekwisha, kwa sababu makosa mawili makubwa yanayolingana huweza kufichana ndani ya uwiano mzuri. Basi anaandika barua kwa wagavi kumi wakubwa kuomba taarifa ya deni hadi 31 Desemba, kutoka kwenye vitabu vyao. Taarifa hizo zinapofika, moja baada ya nyingine, anazilinganisha na leja yake. Ya mgavi wa nondo haionyeshi lile deni la 2,436,000, na karani anashtuka. Yeye hashtuki: mgavi naye huandika deni anapotoa ankara, na ankara yake ni ya 6 Januari. Taarifa ya mgavi hunasa ankara uliyoipoteza. Haiwezi kunasa ile ambayo mgavi mwenyewe hajaitoa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kufanya kazi hii kwa barua pekee. Lazima mtu aende getini.

Kuna kosa kubwa zaidi ambalo kosa la nondo huweza kulizaa, nalo hutokea baada ya marekebisho. Ingizo la Desemba limekwisha andikwa, na ankara ya 6 Januari bado imo kwenye manunuzi ya Januari. Zikiachwa zote mbili, nondo zilezile zitakuwa zimenunuliwa mara mbili. Kwa hiyo, siku ileile aliyoandika ingizo la 31 Desemba, aliandika pia la kulirudisha, tarehe 1 Januari: debiti akaunti ya mali iliyopokewa bila ankara, krediti manunuzi. Ankara ya Januari ikikutana na rudisho hilo, manunuzi ya mwaka mpya kwa upande wa nondo hizo yanakuwa sifuri, na deni lake kwenye akaunti ya kungojea linafutika.

Akaunti hiyo ndiyo aliyoikagua mwisho kabisa, na ndiyo ninayofikiri inaonyesha vyema subira yake. Katika maduka mengi yenye mifumo ya kompyuta, ghala likiingiza mapokezi, mfumo huandika wenyewe deni la kungojea ankara. Ankara ikija, karani anapaswa kuilinganisha na mapokezi yale ili deni lifutike. Karani mwenye haraka huiingiza ankara moja kwa moja kwenye gharama. Deni halisi linaandikwa na kulipwa, na lile la kungojea linabaki, likionekana kama mali ambayo mgavi amesahau kuidai. Mhasibu huyu huichapisha akaunti nzima kwa umri. Kinachongoja kwa wiki tatu anakiamini. Kinachongoja tangu Aprili anakifuata hadi mwisho wake, kwa sababu mfanyabiashara wa Mombasa hasahau kudai kwa miezi minane. Niliketi naye asubuhi nzima akiandama salio la waya wa kufungia nondo, hati kwa hati, hadi alipoupata umelipwa zamani. Lilikuwa la shilingi 4,350. Alilifuta kwa uangalifu uleule aliolitendea lori.

Alipowaita ndugu wawili kusaini, hakuanza na faida. Aliweka mbele yao kitabu cha hati za kupokea mali, kikiwa wazi kwenye namba 858, pamoja na tiketi ya mizani na daftari la getini. Ndugu anayejitoa alikuwa ameshaahidiwa hesabu za 5,600,000, na alisoma karatasi zile tatu mara mbili bila kusema. Kisha aliuliza juu ya vigae, akaonyeshwa hati ya shehena. Alisaini. Kwa kiwango cha asilimia 30, kabla ya marekebisho mengine ya kikodi, kodi ya mapato ya duka ilishuka kutoka 1,680,000 hadi 1,152,000, na tofauti ya 528,000 ilibaki dukani.

Wewe mwenye duka au ghala, huhitaji kumngoja mhasibu ili uanze. Tarehe 31 Desemba, kabla ya kufunga geti, fungua kitabu cha mapokezi na cha kutoa mali, piga mstari chini ya hati ya mwisho ya kila kimoja, andika saa, na utie sahihi pamoja na mtunza ghala wako.